Kisanduku cha Zabeth

Mwanamke wa kwanza tunayekutana naye katika riwaya ya V.S. Naipaul, A Bend in the River, anafika dukani akiwa na kisanduku kidogo cha vipodozi, na ndani yake hamna vipodozi. Mna pesa. Wenye maduka wote mjini wanakijua kisanduku hicho. Zabeth hakopi na hataki kukopeshwa. Analipa taslimu, kisha anaondoka na penseli, madaftari, nyembe, sindano za dawa, sabuni, miswaki, vitambaa, sufuria na mabeseni ya enameli, mzigo wa kijiji kizima cha wavuvi. Hajui kusoma wala kuandika. Orodha ya mahitaji yote ameibeba kichwani, pamoja na bei alizolipa safari zilizopita.

Riwaya hii ilichapishwa mwaka 1979. Mji wake haukutajwa jina, lakini sisi tunaoishi hapa tuliutambua tangu kurasa za mwanzo: mto unaopinda, maporomoko, gugumaji linaloelea juu ya maji, bandari, majengo yaliyoungua katika machafuko ya baada ya uhuru. Ni Kisangani, ule uliokuwa Stanleyville hadi 1966. Naipaul alikuja Zaire mwaka 1975, na miaka minne baadaye akautoa mji wetu katika kitabu ambacho wengi wa Kisangani wamekisoma kwa Kifaransa, kama À la courbe du fleuve. Msimulizi ni Salim, Mwislamu wa asili ya Kihindi kutoka pwani ya Afrika Mashariki, aliyeendesha gari lake hadi huku kufungua upya duka alilouziwa na Nazruddin. Kila mwanamke wa kitabu hiki tunamwona kwa macho yake. Ukilisahau hilo hata kwa ukurasa mmoja, usomaji wako wote unapotea.

Hapa mtaani kwetu nilimsimulia habari za Zabeth jirani yangu, mama anayeuza makayabu na samaki wa moshi, ambaye kwa miaka mingi ameshuka na kupanda mto kwa mtumbwi na kwa masuwa. Nilidhani atafurahi kusikia mfanyabiashara wa mtoni ameingia mapema katika riwaya kubwa namna hii. Alinisikiliza hadi mwisho, akauliza:

“Nani anayesimulia?”

“Mwenye duka, mama.”

“Basi alimwona kwenye kaunta tu.”

Maneno hayo yalinirudisha kwenye kitabu kwa jicho jingine. Wahakiki wa ufeministi wametufundisha kwamba katika riwaya iliyozaliwa ndani ya mfumo dume, hesabu ya maneno anayosema mwanamke haitoshi kutuonyesha sauti yake. Mwaka 1988 Gayatri Spivak alichapisha insha mashuhuri iliyouliza kama aliye chini kabisa katika jamii anaweza kusema. Mfano wake wa mwisho ulikuwa msichana wa Kolkata, Bhubaneswari Bhaduri, aliyejiua mwaka 1926 kwa sababu za kisiasa. Alisubiri hadi awe katika siku zake, ili mtu yeyote asije kusema amejiua kwa aibu ya mimba. Alifanya mwili wake useme, kwa uangalifu wa kutisha, na bado watu walimwelewa vibaya. Kutamka alitamka, kilichokosekana ni sikio lililolazimika kupokea neno lake jinsi alivyolikusudia. Kwa hiyo ninapomsoma mwanamke katika riwaya ninatazama mambo matatu: nani anayelazimika kumsikiliza, neno lake linabadilisha nini, na nani anayefunga mazungumzo.

Tumpeleke Zabeth kwenye mizani hiyo. Salim analazimika kumsikiliza, kwa kuwa duka lake lilianza upya katika mji uliokuwa magofu, na wateja kama Zabeth ndio waliolisimamisha. Mama huyu anapotaja anachotaka na bei aliyolipa mara iliyopita, neno lake linabadilisha bei. Hajui kusoma, lakini hadanganyiki, na Salim mwenyewe anakiri hivyo. Kukataa kwake mkopo ndiko ninakokuona kuwa kiini cha sauti yake. Mwenye kukukopesha anapata haki ya kukuuliza umefika wapi, umeuza nini, kwa nini umechelewa. Zabeth hajampa mwanamume yeyote mjini haki ya kumuuliza.

Uzito wa jambo hilo unaonekana ukilipima kwa sheria ya nchi. Kifungu cha 448 cha Sheria ya Familia ya 1987 kilimtaka mke apate ruhusa ya mumewe kwa kila tendo la kisheria ambalo lingemfunga kutoa huduma yeye mwenyewe. Katika maisha ya kila siku maana yake ilienea mbali zaidi ya maandishi, hadi kwa mwajiri na mtu wa benki kumuuliza mama, “Mume wako amekubali?” Sharti hilo liliondolewa na sheria ya tarehe 15 Julai 2016, lakini kifungu cha 444, kinachomtaja mume kuwa mkuu wa nyumba, kimebaki. Zabeth wa riwayani aliishi kabla ya sheria ya 1987 kuandikwa. Hata hivyo mantiki ya sheria hiyo ilikuwa imewazunguka wanawake wa nchi hii tangu enzi za ukoloni, na kisanduku chake kidogo kinapita katikati yake bila kugusa ukuta. Salim anasema si kwamba Zabeth hakuziamini benki, hakuzielewa tu. Mimi nasoma tofauti. Mwanamke ambaye benki ingemuuliza habari za mume alikuwa na sababu nzuri kabisa ya kubeba pesa zake mwenyewe, hata kama msimulizi wake hakuifikiria.

Hapo ndipo tunapoanza kuuona mpaka wa sauti hii. Salim anamheshimu Zabeth, na bado maelezo yake yanarudi mara kwa mara kwenye harufu yake. Anajipaka marhamu za kujikinga, zenye harufu kali ya kuwafukuza watu, na mjini anajulikana kama mganga. Msimulizi anatuambia harufu hiyo ni onyo. Angalia lakini kazi inayofanya ndani ya sentensi: nguvu ambayo Zabeth ameipata kwa kumbukumbu, kwa hesabu na kwa ujasiri wa kusafiri usiku mtoni na pesa mkononi inahamishwa, inakuwa uchawi. Akili yake inageuzwa ngozi yake. Nimeliona jambo hili katika vitabu vingi vinavyoandika mama wa Kiafrika, na hapa limefanywa kwa ustadi kiasi kwamba msomaji anaweza kulipita huku akidhani ameonyeshwa heshima.

Halafu kuna njia. Riwaya hii inatuambia kwamba safari ya Zabeth ni ya hatari: msitu, giza, mitumbwi iliyofungwa kando ya meli, watu wa kumwogopa. Inatuambia pia kwamba kijiji chake kimejificha mbali na macho ya mji. Lakini hatufiki huko. Salim anawaza kijiji, anakikisia, na kalamu haiachi gati. Jirani yangu alikuwa sahihi: tunamwona mama kwenye kaunta, mahali ambapo mfanyabiashara yeyote mwenye akili husema maneno machache iwezekanavyo.

Zabeth anasema kwa kirefu kuhusu jambo moja hasa, nalo ni mwanawe Ferdinand, aliyemzaa na mfanyabiashara wa kabila la kusini. Kijana alikaa kwa baba kwa muda, kisha akarudi kwa mama, na sasa Zabeth anataka asome sekondari ya mjini. Anamwomba Salim amwangalie. Usome ukurasa huo polepole. Ni mwanamke anayempa mwanamume kazi, si anayemwomba sadaka: amemchagua Salim, amempima kwa miaka ya biashara, na ameamua kwamba huyu mgeni wa pwani anaweza kumwongoza mwanawe katika ulimwengu wa nje. Salim anakubali. Kwa mizani yetu, hapa ndipo sauti ya Zabeth inapofika kilele, kwa sababu neno lake linabadilisha maisha ya watu watatu.

Na kuanzia hapo inaanza kushuka, bila mtu kumpiga wala kumfokea. Ada ya shule, sare na madaftari yote yanatoka katika kisanduku kile, na kadiri Ferdinand anavyojifunza kusema, ndivyo mama anavyotoka katika kitabu. Kijana anajifunza Kifaransa cha shule, kisha lugha ya vijana wanaoandaliwa kuongoza taifa, anapelekwa mji mkuu, anarudi akiwa kamishna. Mwishoni yeye ndiye anayemtoa Salim kizuizini na kumwambia aondoke, na riwaya inampa hotuba ndefu ya kukata tamaa kuhusu nchi nzima. Ni mojawapo ya kurasa zenye nguvu zaidi katika kitabu. Zabeth hayumo. Pesa yake ndiyo iliyoigharimia hotuba ile, na imetoka katika kinywa cha mwanamume.

Sisemi kwamba mama anayemsomesha mwanawe anapoteza. Katika mitaa yetu wako wengi walioshuka mto miaka ishirini ili mtoto mmoja avae tai, nao hawajutii. Ninalolitazama ni mahali ambapo riwaya inaweka uzito wake. Ingeweza kumrudisha Zabeth dukani siku ile ya mwisho, akiwa na taarifa ambazo Ferdinand hawezi kuwa nazo: kijiji kinasemaje, mto uko vipi, bei ya chumvi. Haikumrudisha. Mwana anatosha kumsemea mama; ndivyo mfumo dume unavyopenda kuhesabu, na hapa riwaya imehesabu vivyo hivyo.

Yvette ni kisa kingine kabisa. Yeye ni mzungu, kijana, mke wa Raymond, mwanahistoria mzee ambaye zamani alikuwa mshauri wa karibu wa Rais. Wanaishi katika mji mpya uliojengwa kwa fahari nje ya mji wa zamani. Yvette anajua kusoma, ana gari, anaandaa karamu na anazungumza kwa ujasiri. Anamsimulia Salim jinsi alivyokutana na Raymond Ulaya, jinsi alivyovutwa na jina kubwa la mtu yule, na jinsi matumaini yale yalivyokauka baada ya Rais kumweka Raymond kando. Ukihesabu maneno, Yvette anampita Zabeth mbali sana.

Ila ukiuliza nani anayelazimika kumsikiliza, jibu ni hakuna. Sauti ya Yvette imeazimwa. Mji ulimsikiliza kwa sababu ya Raymond, na Raymond alisikilizwa kwa sababu ya Rais. Anapoanza uhusiano na Salim, anasikilizwa kwa sababu Salim anamtamani. Kila sikio alilopata liko mikononi mwa mtu mwingine, na siku mtu huyo akilifunga, Yvette hana kisanduku chake mwenyewe cha kufungua.

Siku hiyo inafika nyumbani kwa Salim. Anampiga Yvette usoni, tena na tena, hadi mkono wake mwenyewe unauma, kisha anamtemea mate sehemu za siri. Wasomaji wengi hufunga kitabu hapo, na siwalaumu. Mimi ninawaomba waendelee kurasa chache, kwa sababu mate yale si mwisho wa ukatili uliomo. Yvette anaondoka kwa gari, anafika nyumbani, anampigia Salim simu. Anamuuliza kama anataka arudi. Barabara ni tupu, anasema, anaweza kufika upesi. Anasema uso wake umeharibika na itabidi ajifiche kwa siku kadhaa.

Linganisha maneno hayo na maneno yake ya kabla. Kabla ya kupigwa, Yvette alikuwa na maoni juu ya watu, juu ya Raymond, juu ya maisha yake yaliyopita na yatakayokuja. Katika simu hana swali lolote kuhusu kilichomtokea. Hana hasira, hana hata mshangao. Anazungumzia haja ya Salim, na kazi ya kuficha alama. Msimulizi amempa mwanamke sauti, tena katika saa ile anayoihitaji zaidi, kisha ameijaza maneno ambayo mpigaji angependa kuyasikia. Baada ya hapo kitabu kinaendelea na huzuni ya Salim. Uso wa Yvette umefichwa kweli, na si na Yvette peke yake.

Hii ndiyo alama ninayomfundisha msomaji aitafute katika riwaya yoyote: mwanamke anayeongea baada ya kuumizwa, na kila sentensi yake inamhudumia aliyemuumiza. Kimya kingekuwa cha haki zaidi. Euphrase Kezilahabi, katika Rosa Mistika ya 1971, ana tukio la karibu na hilo. Zakaria anaikuta barua aliyoandikiwa binti yake Rosa na kijana aitwaye Charles, naye anampiga vibaya mno. Tofauti ni kwamba riwaya ile inaendelea kufuata jeraha la Rosa, shuleni na chuoni, hadi kifo chake. Hakuna anayeambiwa kwamba binti alipiga simu kumtuliza baba. Kitabu kilipigwa marufuku shuleni Tanzania kwa muda, na hilo pia linatuambia nani hakutaka kipigo kile kisikike.

Kuna msomaji atakayeniambia: Salim si Naipaul, na mwandishi ametuonyesha mwanamume katili ili tumhukumu. Ninalichukua pingamizi hilo kwa uzito. Ni kweli kwamba baada ya kipigo maisha ya Salim yanaporomoka: duka linataifishwa, anatafuta njia za magendo, anafungwa kwa ajili ya pembe za ndovu alizozificha. Mtu anaweza kuyasoma hayo kama hukumu. Lakini hukumu hiyo inahusu mwanamume na nchi; Yvette haimrudishii neno lolote. Najua pia kwamba wasifu wa Naipaul ulioandikwa na Patrick French, uliotoka 2008 kwa ridhaa ya Naipaul mwenyewe, ulieleza jinsi alivyompiga mwanamke aliyekuwa naye kwa miaka mingi, na kwamba mwaka 2011 alisema hadharani hakuna mwandishi mwanamke anayelingana naye. Hayo yananiuma, lakini siyatumii kama ushahidi dhidi ya riwaya. Ukurasa wa simu unatosha. Hata kama tusingejua lolote kuhusu aliyeuandika, ungesema vilevile.

Yuko mwanamke wa tatu ambaye wahakiki wengi humpita haraka, na Kisangani hatuwezi kumpita. Ni mama wa Rais. Katika riwaya alikuwa mtumishi wa hoteli, na sasa mwanawe ameamuru aheshimiwe kila mahali; sanamu zinachongwa, mahali patakatifu panajengwa, watu wanasafirishwa kwenda kuzuru. Waliozaliwa wakati wa Mobutu hawahitaji kuambiwa picha hii imetoka wapi. Hospitali kuu ya Kinshasa iliitwa Mama Yemo, kwa jina la mama yake Mobutu. Katika miaka hiyohiyo ya kumtukuza mama wa kiongozi, siasa ya uhalisi iliwakataza wanawake suruali na kuwaelekeza kwenye kitenge, ili mwili wa mwanamke uwe bango la taifa.

Mama huyo wa riwayani ndiye mwanamke anayeonekana kuliko wote na anayesikika kidogo kuliko wote. Hana sentensi hata moja. Hatujui alilipwa kiasi gani hotelini, alipenda nini, alimwonaje mwanawe. Ninapomweka kando ya Zabeth, ninaona kitu ambacho riwaya inacho bila kukitangaza: mama aliyetukuzwa na serikali hana neno, na mama mwenye neno ni yule ambaye serikali haijui hata anuani yake.

Ndiyo maana simwiti Zabeth shujaa. Kuna hatari katika usomaji wetu sisi wanawake, ya kumtafuta mwanamke mwenye nguvu katika kila kitabu na kumvika taji, kisha kuacha kuuliza kalamu imemnyima nini. Zabeth amepewa biashara, kumbukumbu na hofu ya watu. Amenyimwa njia yake, kijiji chake, wenzake wa mtumbwini, na neno la mwisho kuhusu mtoto aliyemsomesha.

Nilirudi kwa jirani yangu nikamweleza hayo, nikamuuliza yeye husema nini anapofika kwa wauzaji wa jumla kule mjini.

“Nasema bei,” akanijibu. “Nasema kilo ngapi. Nikiona mizani inadanganya, naondoka.”

“Na njiani, mama?”

Akacheka. Njiani, alisema, wanazungumza usiku kucha: nani ameongeza ushuru kwenye kizuizi gani, mume gani amechukua pesa za mkewe, binti gani ameacha shule, ni askari yupi wa kumpa samaki na yupi wa kumkimbia, samaki gani wameoza na ni nani aliyewauza. Wakiona taa za mji, wananyamaza, kila mmoja anapanga pesa zake ndani ya nguo.

Akaniuliza kama kitabu kile kina usiku kama huo. Nikamwambia hakina, kinamleta Zabeth akiwa ameshafika.